Mahubiri ya Bando Dogo

Mimi nikihubiri huwa nawashusha watu shimoni kwanza. Ndivyo nilivyofundishwa na ndivyo nilivyozoea: unamweleza mtu taabu yake mpaka aone umeingia chumbani kwake, unamwacha humo ahangaike, halafu mwishoni ndipo unamteremshia kamba. Kanisani mtindo huu unafanya kazi, maana hakuna anayeinuka katikati ya mahubiri wenzake wakimtazama. Kwenye simu mambo ni mengine kabisa.

Usharika wetu wa Mbinga mjini ni mdogo. Wenyeji wengi hapa ni Wakatoliki, watu wa kahawa na mahindi. Sisi ni watu wa uhamisho, walimu na manesi na mabwana shamba, kila mmoja kaletwa na kazi kutoka mkoa wake. Wengine wamepangiwa Mbuji, wengine wako chini ziwani, Lituhi na Kihagara, na masika yakikolea hawaonekani. Kwa hiyo ibada tunairusha mubashara kwa simu moja. Anayeishughulikia ni mwalimu wa kwaya, dada wa ofisi ya halmashauri, mwenye ulimi mkali kuliko wangu.

Huyo dada aliwahi kuniambia, "Baba Mchungaji, watu wanaingia na kutoka kama sokoni. Mtu anasikia kidogo, mtandao unakata, bando linaisha, mtoto analia. Akirudi, wewe bado uko shimoni. Umewahi kujiuliza anaondoka na nini?"

Nilimjibu kwa ukali kwamba neno la Mungu si tangazo la sabuni. Akacheka, akaendelea kukunja waya zake.

Ijumaa moja ya masika, nikiwa nimeshamaliza kuandaa, ujumbe uliingia kwenye simu yangu kutoka kwa mwalimu mmoja wa Kihagara. Mumewe alikuwa amefariki miezi michache nyuma. Alimsindikiza mpaka kwao Singida, akamzika, akarudi peke yake kwenye nyumba ya shule. Aliandika: "Shikamoo Baba. Jumapili nitasikiliza mwanzo tu, bando langu dogo. Kitenge changu cha kwaya kilichobaki huko mpeni mwingine. Asanteni kwa yote."

Niliusoma, nikarudia pale pa kitenge. Kitenge cha kwaya! Mama huyu alikuwa akikifua mwenyewe, hakuruhusu hata binti wa kazi akiguse. Nikapiga simu, haipatikani. Nikapiga tena na tena mpaka mke wangu akaja kuniuliza kulikoni, nikamwonyesha, naye akakaa chini.

Barabara ya kwenda huko ilikuwa imekatwa na mvua, magari yalikuwa yanageuzwa njiani. Nikampigia mzee wetu wa kanisa wa Lituhi, mama mmoja nesi mstaafu, akapata boti ya watu wa dagaa akaenda. Jioni alinipigia akiwa amerudi.

"Amenipokea vizuri, amenipa na chai," alisema. "Ila nyumba imefagiliwa mno, Baba. Vitu vimefungwa. Nikamwambia nitalala, akasema hapana mama, niache nipumzike. Jumapili narudi, apende asipende. Lakini nimeogopa."

Na mimi niliogopa, wala sioni haya kusema. Nilifungua mahubiri yangu nikaona nusu nzima ya mwanzo ni shimo tupu. Nimeeleza upweke vizuri, eti! Nimeueleza kitaalamu. Na yeye alikuwa amesema atasikiliza mwanzo tu.

Jumamosi mwalimu wa kwaya akaja ofisini kwangu. Nikampa yale niliyoandika upya, kamba ikiwa mbele. Akatoa simu yake, akasema, "Hubiri. Mimi ndiye bando." Nikaanza. Alinikata popote alipotaka, katikati ya sentensi, katikati ya mfano, na kila mara akauliza, "Nimeondoka na nini?"

"Bado sijafika."

"Basi nimeondoka mikono mitupu. Rudia."

Tuliyakatakata mahubiri yale kuwa vipande vifupi, kila kimoja kisimame chenyewe, anayeingia kwa kuchelewa asihitaji kuulizia cha nyuma, anayetolewa mapema awe ameshapewa chake. Picha tukaishusha ubora mpaka chini kabisa ili isimalize bando la watu. Nyuma yangu tukaondoa pazia la maua, tukatundika shuka jeupe, maana picha yenye mambo mengi inakula data. Nikakatazwa kutembeatembea. Simu ya kurushia ikawekwa dirishani, pale mtandao unaposhika, na ya pili, ya kutazama kinachotoka, akaishika yeye.

Jumapili nilianza na kamba. Nikasema, wewe uliye peke yako, hujaachwa, na nina maneno machache nikuthibitishie. Macho yangu yalikuwa kwa mwalimu wa kwaya, aniashirie jina la yule mwalimu wa Kihagara likitokea kati ya wanaotazama. Akatikisa kichwa. Kipande cha pili, akatikisa kichwa. Nilipoingia cha tatu alinyanyua mkono ghafla, akanigeuzia simu yake. Nilijiona nimeganda, mdomo wazi, na kile kiduara kinazunguka.

"Imekata," alisema.

Waliokuwa kanisani walikuwa wananitazama, sikuwajali. Nilimsogelea pale dirishani, nikashika ukingo, maneno yakatoka yenyewe na machozi juu.

"Mwanangu, kuna mtu mmoja nimemwandalia haya yote. Kama hakusikia, mimi nimekwisha. Naogopa. Nikisimama hapa nasikia kwaya imepungua sauti moja, na siwezi kuzoea. Simtaki mwingine kwenye ile nafasi. Mungu wangu, usimwachilie, nakuomba, usimwachilie."

Mwalimu wa kwaya alikuwa ameinama kwenye simu ya kurushia, na uso wake ulibadilika.

"Baba," alininong'oneza, "hii inarusha. Iliyoganda ni yangu ya kutazamia tu. Umekwenda hewani wote."

Yesu wangu! Mchungaji mzima, kamasi mbele ya wilaya mbili. Nilijifuta na kanzu, nikarudi mahali pangu, nikamaliza vipande vilivyobaki, sikumbuki hata nilisema nini. Baada ya baraka sikusimama mlangoni kushikana mikono na watu. Nilikwenda ofisini, nikaketi na simu mezani, nikaiogopa. Niliogopa isipoita, na niliogopa ikiita awe mtu mwingine.

Iliita. Jina lilikuwa lake.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba, marahaba, mwalimu. Uko wapi?"

"Nipo nyumbani. Nimepiga kwa salio la dharura." Nilimsikia akivuta kiti. "Kwangu mtandao ulichelewa, Baba. Ulizunguka, ukazunguka. Kuja kufunguka, wewe umeikaribia simu, unalia. Kisha bando likaisha."

"Na mahubiri?"

"Sijasikia hata neno."

"Mama wee! Nimeyaandaa mpaka nimekonda!"

Akacheka. Kicheko kikavu, kidogo, cha mtu ambaye koo limekaa muda mrefu bila kazi hiyo. Kisha sauti ikashuka.

"Baba, yule mtu mmoja ni mimi?"

"Ni wewe."

Nilisikia mawimbi nyuma yake, halafu nikasikia hodi, hodi yenye ukali wa manesi.

"Mama wa Lituhi huyo," alisema. "Amekuja na kapu la samaki, mbasa wa ziwani, na shuka lake."

"Mfungulie. Na leo alale."

"Nitamfungulia." Nilisikia komeo likivutwa, na sauti ya mama yule ikiingia ndani ikilalamikia matope. "Baba," akasema, "kile kitenge msimpe mtu."