Hatifungani ya Mdogo Wangu

Mdogo wangu hushona sare za shule katika kibanda kidogo sokoni Thika. Kwa miaka mingi aliweka shilingi elfu tatu kila mwezi kwenye mfuko wa uwekezaji wa pamoja, kwa simu tu. Zilipofika elfu hamsini, alinunua hatifungani ya serikali, yaani aliikopesha serikali kwa riba. Riba ilimjia kila baada ya miezi sita, naye aliirudisha kwenye mfuko ule wa uwekezaji.

Mimi ni karani, na nilijiona mjuzi. Nilikuwa na ploti, kiwanja kidogo mtaa wa Kimbo, ila sikuwa na pesa ya kutosha kujenga.

"Serikali inakupa vijisenti," nilimwambia. "Tujenge vyumba viwili vya mabati. Kodi kila mwezi, tugawane nusu kwa nusu."

"Dada, hatifungani yangu bado miaka sita iive, ndipo nirudishiwe pesa zangu."

"Si unaweza kuiuza?"

Aliiuza kupitia dalali. Wakati huo hatifungani mpya zilikuwa zinalipa riba kubwa zaidi, kwa hiyo yake ikanunuliwa kwa bei ya chini kuliko aliyoinunulia. Akatoa na pesa za ule mfuko wa uwekezaji, zote. Nilimwambia mimi pia nimemaliza akiba yangu kwenye ujenzi huo. Huo ulikuwa uongo. Nilikuwa na pesa katika mfuko kama wake, na sikuzigusa.

Vyumba viliisha. Kimoja kilipata mpangaji. Cha pili kilikaa kitupu miezi mitano, maana maji ya mfereji yalikuwa yanakuja mara mbili kwa wiki. Kodi tuliyopata tulinunulia tangi.

Kisha binti yake akaitwa chuoni Juja, na karo ikahitajika. Mdogo wangu alinijia nyumbani kwangu Ruiru, akakaa ukingoni mwa kiti.

"Ningekuwa na hatifungani ningeuza kidogo," alisema. "Pesa za ule mfuko ningezipata kwa siku tatu. Sasa nitauza nini, dada? Dirisha?"

Nilisema tumwombe Mungu. Kweli, nilisema hivyo, na simu ya kutolea pesa zangu iko mfukoni mwangu.

Wiki iliyofuata aliuza cherehani yake moja ya umeme. Nilipokuta meza ya cherehani hiyo tupu kibandani mwake, nilitoa simu pale pale nikaomba pesa zangu za mfuko. Zilipofika, nilimpelekea na kumwambia zilikotoka.

Akauliza:

"Umekuwa nazo tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

"Kumbe ulijua hatari yake, ukaweka zako pembeni." Hakupaza sauti. Wateja wawili walikuwa wamesimama hapo, nami nikatamani anitukane.

Alizipokea kwa ajili ya binti. Baadaye tuliandikishana kwa wakili kwamba kodi yote ni yake hadi pesa alizoweka zirudi. Chumba cha pili kimepata mtu. Naye ameanza tena na elfu tatu zake, ila siku hizi haniulizi chochote kuhusu pesa. Tukikutana tunaongea habari za watoto, na mimi ndiye hukwepa macho.