Muhuri Juu ya Picha ya Simu

Mimi sikupewa kitu na mtu. Diploma yangu ya usimamizi wa wafanyakazi niliipata Lubumbashi, katika miaka ambayo mchana nilibeba mifuko ya saruji na jioni niliingia darasani na vumbi masikioni. Wale waliosema nitarudi Kamina mikono mitupu leo wananiita chef, yaani mkubwa, na ninaitika. Kwa hiyo haya si maneno ya mtu asiyejua kazi. Kazi ninaijua kuliko wengi. Siku ile nilikuwa nimechoka tu.

Kiwanda chetu cha unga wa mahindi kiko karibu na reli. Mwenye kiwanda, tunayemwita patron, anaishi Lubumbashi, anatuongoza kwa simu. Kuna kundi la ujumbe ambamo tumo wote, na kila asubuhi kabla ya chai amri zinaingia. Mimi ni mkuu wa wafanyakazi. Ghala lilikuwa mikononi mwa mama mmoja mjane, mwaka wake wa tisa kazini, na kila mtu alimwita Mama Magasinier.

Mvua zilipoanza, maji yalipita chini ya mlango wa ghala yakalowesha mifuko. Mama alikuwa ameomba mbao za kuinulia mifuko tangu kiangazi. Ombi lake nililipeleka mwenyewe, halikujibiwa. Sasa patron akaandika kwenye kundi, mbele ya wote, kwamba analipa watu kuja kulala. Mama akajibu kwa Kiswahili chetu, ambamo "njo" ni "ndiyo" na "minyi" ni "mimi": "Kama njo vile, mutafute mwingine. Minyi nachoka." Patron akaweka alama ya kidole gumba.

Baada ya nusu saa aliniandikia mimi peke yangu: "Ameacha kazi. Funga faili yake."

Nilijua anachotafuta. Mfanyakazi akiacha mwenyewe, mwajiri hana sababu ya kueleza wala muda wa taarifa wa kutoa. Nilijua pia kwamba mama yule hakuacha kitu. Lakini tangu alfajiri nilikuwa nimeshajibu ujumbe thelathini wa mtu yuleyule, na wa thelathini na moja niliutii. Nilipiga picha ujumbe wa mama kwenye simu, nikaichapisha sokoni kwa mtu mwenye mashine ya kuchapia, nikaandika tarehe, nikatia sahihi, nikapiga muhuri: Imepokelewa. Kwetu karatasi yenye muhuri haibishaniwi. Nimeona watu wakirudisha barua nzuri kwa kuwa haina muhuri, na kupokea ya upuuzi kwa kuwa inao.

Kesho yake, saa kumi na mbili na nusu, mama alikuja kazini kama kawaida. Mlinzi, kwa amri yangu, hakumfungulia.

"Chef anasema weye uliacha kazi."

"Niliacha wapi?"

"Ku telefone."

"Ku telefone nalisema nachoka. Weye hauchoke?"

Mlinzi ndiye aliyenisimulia. Mama alikaa nje ya lango mpaka saa tatu, kisha akaenda ofisi ya ukaguzi wa kazi.

Mwito ulitufikia wiki iliyofuata, ukitupa siku kumi. Patron akasema, "Enda weye, njo uko na masomo." Nilimwambia siendi bila procuration, karatasi ya kuniruhusu kusema na kutia sahihi kwa niaba yake. Alitaka kunitumia picha ya karatasi hiyo kwa simu. Nikakataa. Nilitaka yenyewe, yenye wino, na ilipofika kwa basi ikiwa imekunjwa mara nne niliona nimefanya kazi ya msomi.

Mkaguzi alikuwa mtu wa miwani, sauti ya chini, mbele yake rundo la mafaili lililomficha nusu. Mama alikaa upande wake wa benchi, mimi wangu. Mkaguzi aliinua karatasi yangu kuelekea dirishani, maana umeme haukuwepo.

"Muhuri huu ni wa nani?"

"Wa kiwanda, Monsieur l'inspecteur."

"Bon. Unashuhudia kwamba weye umepokea. Haushuhudie kwamba yeye ametoka."

Sikukubali kushindwa haraka hivyo. Nikamweleza, kwa Kifaransa changu kizuri, kwamba sheria inataka anayevunja mkataba amjulishe mwenzake kwa maandishi. Kwamba ujumbe ni maandishi. Kwamba namba ni ya mama na hakatai. Kwamba sheria mpya ya mambo ya kidijitali inayapokea maandishi ya simu pale mwandishi anapojulikana na maneno hayakuguswa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ile umesoma vizuri," akasema, na nilifurahi, sitaficha. "Kama angeandika 'naacha kazi kuanzia siku fulani,' akakutumia weye ao patron, na kesho asikuje, ningekuwa na shida. Simu si takataka. Lakini nionyeshe neno 'naacha'. Iko wapi?"

Nikasoma tena. Halikuwepo.

"Amejibu matusi, mbele ya bantu. Asubuhi yuko ku mulango. Mwenye kuacha kazi anakuja kufanya nini saa kumi na mbili na nusu?"

"Kuuza maandazi," mama akasema.

Mkaguzi hakucheka. "Na nyinyi, barua ya kumfukuza iko wapi? Mwajiri akivunja mkataba, barua yake inasema sababu."

"Hatukumfukuza."

"Mulango ulifungwa na nani? Na upepo? Patron alitoa kidole. Kidole haina sababu ndani."

Kisha akachukua ile procuration, akainyoosha mezani kwa kiganja.

"Hii ilifika namna gani?"

"Kwa basi, kutoka Lubumbashi."

"Mbona hakutuma ku telefone?"

Sababu nilikuwa nazo, na zote zilikuwa zinamtetea mama. Kwa jambo la siku moja, kukaa tu kwenye benchi lile, nilidai wino. Kwa miaka tisa ya mtu nilikubali picha.

"Minyi sihukumu," mkaguzi akasema. "Mukipatana, naandika. Musipopatana, naandika vilevile, na karatasi inaenda mahakamani. Kule patron ataeleza sababu yake. Mama, unataka nini?"

"Kazi yangu. Sikutafuta ingine."

Nilitoka nje kumpigia patron. Alilalamika sana. Mwisho akauliza, "Weye si uko na diploma?"

"Njo maana nakuambia, patron. Hatuna kitu. Tuna muhuri wangu tu."

"Basi, arudie," akasema.

Mkaguzi aliandika procès-verbal, hati rasmi ya mapatano, kwa mkono wake: mkataba haukuvunjika wakati wowote, siku za katikati zihesabiwe za kazi, mama aanze Jumatatu. Tulitia sahihi watatu. Mama aliisoma yote kwanza, neno kwa neno, kidole kikifuata mstari.

Tulirudi kwa njia moja, kwa kuwa hakuna nyingine isiyo na matope. Mbele ya reli alisimama.

"Chef, weye uliamini kweli naliacha kazi?"

"Hapana, mama."

Nikamwambia nilikuwa nimechoka siku ile.

"Shiye bote tunachoka," akasema. "Lakini minyi sikukufungia mulango."

Nilikuwa na mengi ya kujibu, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili. Nilimwambia tu tuonane Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu.