Mke Mwenzangu wa Gungu

Mjukuu wangu alinipigia simu asubuhi nikiwa uani Ujiji nachambua mchele. Hakunisalimia vizuri, nikajua kuna jambo. "Bibi, umeona alichoandika baba mdogo?"

Sikuwa nimeona. Niliona picha tu, maana mjukuu wangu na mkewe walikuwa wameiweka mtandaoni tangu alfajiri: wamesimama mlangoni kwao Gungu, wameshikana mikono, na chini yake wameandika kwamba wametimiza miaka saba ya ndoa na wanamshukuru Mungu. Picha nzuri. Mke wake ni mwalimu aliyeletwa huku na kazi kutoka Lindi, na siku ile alikuwa amejifunga kilemba cha kijani kilichompendeza.

Nikavaa miwani nikashuka kwenye komenti. Hongera, hongera, maua, hongera. Halafu nikaikuta ya mwanangu wa mwisho, baba mdogo wa huyo kijana: "Miaka saba mnatuonyesha sura zenu tu. Hao wengine tutawaona lini? Au mwalimu anasahihisha madaftari hadi asubuhi?" Chini yake watu wamejaza vikatuni vya kucheka mpaka machozi.

Damu ilinipanda. Nimemzaa mimi mwenyewe yule, na siku ile niliona kazi yangu ilikuwa na kasoro.

"Amesema nini mkeo?" nikauliza.

"Hajasema kitu. Amekaa chumbani. Bibi, mwaka jana kwenye harusi ya binamu walimfanyia hivihivi mbele za watu, akaniambia wakirudia hadharani atakwenda kwao likizo na hatarudi. Shule zinafungwa wiki hii."

Nilimwambia afute hiyo komenti. Akasema hawezi, ni baba yake mdogo, na watu wameshaiona. Ikifutwa watauliza imekwenda wapi, na maneno yataanza upya. Hapo alisema kweli. Nikampigia mwanangu aifute mwenyewe, simu haipatikani. Mkewe akaniambia ameshapanda boti kwenda Kagunga kwenye biashara zake za samaki, na mtandao mpaka afike, kama utakuwepo. Ameitupa ile komenti kama ganda la muwa akaondoka zake.

Basi ikabaki mimi. Kwetu bibi ana ruhusa ambayo mama mkwe hana wala shangazi hana. Mjukuu wa kiume ni mume wangu, na aliyemuoa ni mke mwenzangu. Naweza kumtania mbele ya yeyote na asikasirike mtu. Lakini ruhusa hiyo ina deni lake: bibi akikaa kimya siku kama ile, ukoo mzima utasema na yeye anakubaliana na aliyesema.

Nilifanya kazi ya kupiga chapa ofisi za serikali hadi nikastaafu, kwa hiyo kuandika hakunitishi. Nikagusa pale kwenye komenti ya mwanangu, panapoandikwa jibu, nikaandika: "Wewe uliyezaa sita, ni wangapi unaowajua darasa wanalosoma?" Ilikuwa tamu sana. Nikaisoma mara mbili kwa raha. Kisha nikafikiri: nikimjibu palepale, kila atakayenisoma mimi atamsoma na yeye kwanza. Nitakuwa nimechochea kuni kwenye moto wake. Tena ile siku haikuwa ya mwanangu, ilikuwa ya watu wawili waliopiga picha mlangoni kwao. Nikafuta, nikaenda kuandika peke yangu, chini ya picha yenyewe.

Sasa niandike nini? Nikaanza na dua: Mungu awape subira, kila jambo na wakati wake. Nikaisoma, ikanuka msiba. Anayeambiwa subira ameshaambiwa ana pengo. Nikafuta hiyo nayo.

Nikajaribu utani wetu wa zamani, ule wa vikongwe tukiwa peke yetu jikoni, kwamba mke mwenzangu aniachie mume zamu ya Ijumaa. Nikacheka mwenyewe. Halafu nikakumbuka nani anasoma. Mwalimu mkuu wa mke mwenzangu yumo, mlokole asiyecheka ovyo. Baba yake mzazi kule Lindi yumo, mtu wa heshima. Wazazi wa wanafunzi wamo, na wanafunzi wenyewe pia, hao hawakosi. Neno la chumbani, hata likisemwa na kikongwe, lingewafanya wote waangalie kulekule mwanangu alikowaelekeza. Zamu ikaondoka.

Mchele kuku wameshauvamia. Vikatuni vya kucheka kule chini vilizidi kuongezeka. Nikajiambia: tafuta jambo dogo ambalo wanaomjua mume wetu watalitambua, na wasiomjua watalielewa. Mzaha umuangukie mume kidogo, uniangukie mimi zaidi, na mke atoke na sifa. Usiguse mwili, usiguse umri, usiguse tumbo. Nikaandika:

"Shikamooni, maharusi wangu. Leo ni miaka saba tangu mke mwenzangu anichukulie mume mchana kweupe, na mimi nikapiga vigelegele. Kusema kweli nilipumua, maana mume mwenyewe tangu utoto hajui alikoweka funguo, na macho yangu yalishachoka kuzitafuta. Mwalimu, hongera kwa kumfundisha pasipo fimbo. Nyumba yenu imetimia, ndiyo maana napenda kuja bila kualikwa. Jumapili nakuja kula mgebuka. Kichwa changu, mgongo wako, mume wetu alambe mchuzi. Mungu awazeeshe pamoja."

Pale kwenye "imetimia" nilikaa muda. Niliogopa watu wangeliona kama jibu. Nikaliacha katikati, limefunikwa na samaki, atakayelihitaji alikute. Nikabonyeza.

Hakuna kinachochosha kama kuangalia simu isiyosema. Akapita mwalimu mkuu, akaweka kidole gumba na kuandika, "Bibi, hata ofisini kwangu funguo tunatafuta." Akapita mfanyakazi mwenzake mjukuu wangu: na sisi tunazitafuta. Baba yake mwalimu kule Lindi akaandika kwamba anamshukuru mke mwenza wa binti yake kwa roho nzuri, na mgebuka ndio samaki gani. Watu wakaanza kumweleza, wa Kibirizi wakimsifia wa kukaanga, wa Ujiji wakimsifia wa mchuzi, wakabishana kwelikweli. Komenti ya mwanangu ikasukumwa chini, hakuna aliyeifuata huko.

Yote hayo yalikuwa mazuri, ila mimi nilikuwa namngoja mtu mmoja, na hakuandika. Nikaanza kuamini kwamba nimekosea. Labda utani wenyewe ulikuwa umechelewa. Labda kwake sisi wote tulikuwa sauti moja.

Adhuhuri simu ikaita. Ilikuwa namba yake, si ya mumewe.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Umenikasirikia?"

Kwa nyuma nilisikia masufuria yakigongana.

"Bibi, nimeisoma mara nyingi," akasema. "Nilikuwa natafuta mahali ulipoficha swali. Halimo."

Nilikuwa na mizaha tele kinywani mwangu tangu asubuhi. Nikaiacha yote, nikamuuliza kama Jumapili nitamkuta; akasema nitamkuta, tukabaki tunalia kila mtu na simu yake.