Kifua cha Kyalo

Wanafunzi wa Mutheu Ndolo walikuwa wanajua picha. Ungewafungulia kitabu wangekuonyesha kila msuli wa kifua na kila mshipa, lakini ukiwaambia wakuwekee kidole juu ya mtu aliye hai, walianza kupapasa kama watu wanaotafuta swichi gizani. Ndiyo maana, wiki ya mwisho kabla ya mtihani wa vitendo, alimpigia simu Kyalo kule Kangundo akamwomba aje chuoni, hapa Machakos mjini, awape maafisa wa kliniki watarajiwa kifua chake. Kyalo alicheka sana kwenye simu. Akauliza kama kuna chai. Mutheu akamwambia chai iko, na mkate.

Kicheko kile kilikuwa kimemrudisha kwenye chumba cha kupanga nyuma ya soko, enzi za ujana wao, yeye na rafiki yake Katunge wakiwa wamelala kwenye kitanda kimoja ili kodi iwe nafuu. Kyalo alikuwa mwanafunzi mwenzao. Jioni alikuja na kitabu kimoja walichoshirikiana watatu, Katunge akabandika jikoni muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, kisha Kyalo akavua shati bila kuulizwa. Alikuwa mwembamba hadi mbavu zake zilihesabika kutoka mlangoni. Katunge alisema Mungu alimwumba kwa ajili ya somo la anatomia.

Walimchora kwa biro. Kwanza kile kinundu kwenye mfupa wa kati wa kifua, pale panapokutana ubavu wa pili, kwa sababu ukishaupata ubavu wa pili unashuka ukihesabu na hupotei. Halafu kwapani: mbele, ukingo wa msuli mkubwa wa kifua, nyuma, ukingo wa msuli mpana wa mgongo, chini, mstari unaopita usawa wa chuchu, na kilele chake chini kidogo ya kwapa. Hiyo ndiyo pembetatu salama ya kupitishia mrija. Kyalo alikuwa na mtekenyo, na mstari wa kwapani haukuwahi kunyooka hata siku moja. Walicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Kisha wakarudi kwenye kazi, mmoja akiuliza, mwingine akijibu: kwa nini mrija wa kutoa damu au hewa kifuani upite juu ya ukingo wa ubavu, usipite chini yake? Kwa sababu chini ya kila ubavu kuna mfereji, na ndani ya mfereji umelala mshipa wa vena, chini yake ateri, chini yake neva.

Mediastinamu ndiyo iliyowasumbua. Katunge aliieleza kama nyumba iliyo katikati ya mapafu mawili: ghorofa ya juu, na ghorofa ya chini yenye vyumba vitatu, cha mbele chembamba, cha kati ambamo moyo unakaa, na cha nyuma chenye umio na mshipa mkuu unaoshuka. Mutheu hakuwahi kupata maelezo mazuri kuliko hayo, na hadi leo anafundisha hivyo.

Kyalo hakuufanya mtihani wao wa vitendo. Baba yake alifariki muhula wa mwisho, kahawa ya nyumbani ikawa haina mtu wa kuitunza, na wadogo zake walikuwa bado shuleni. Alikuja kuwaaga akiwa na begi, akawaachia kitabu. Mutheu alipoitwa mbele ya watahini na kuambiwa aonyeshe mahali pa mrija, mgonjwa aliyelala pale alikuwa mzee mnene asiyemfahamu, lakini akilini mwake aliona mbavu za Kyalo, na kidole kikaenda chenyewe.

Miaka ikapita. Alikuwa akifanya kazi katika hospitali ndogo upande wa Yatta siku walipoleta mwanamume aliyeanguka kutoka juu ya lori la magunia. Alikuwa ameketi akishika upande wa kulia, akipumua kwa vipande vipande. Mutheu alisoma jina kwenye kadi, akainua macho. Alikuwa Kyalo, mwenye mvi za kwanza.

"Ni wewe," Kyalo akasema, na hata hapo akajaribu kucheka, maumivu yakamkatiza.

Picha ya eksirei ilionyesha hewa juu na damu chini, pafu la kulia limesinyaa. Mutheu aliweka kidole juu ya koo lake. Koromeo la hewa lilikuwa katikati. Basi mediastinamu haikuwa imesukumwa upande wa pili, moyo ulikuwa mahali pake, na alikuwa na nafasi ya kufanya kazi kwa utaratibu. Lakini alipopapasa kifua hakuzipata zile mbavu alizozijua. Hewa ilikuwa imeingia chini ya ngozi, pamevimba, pakitoa mlio mdogo chini ya vidole. Kwa muda mfupi alikuwa tena yule msichana mwenye biro.

Akaanza mwanzo. Kinundu cha mfupa wa kifua. Ubavu wa pili. Akashuka taratibu akibonyeza uvimbe hadi nafasi ya tano kati ya mbavu, akamwinua Kyalo mkono akauweka nyuma ya kichwa, akasogea mbele kidogo ya mstari wa katikati ya kwapa.

"Nitachoma ganzi, halafu utahisi nakusukuma," akamwambia. "Ukiona ni kali sana, niambie."

"Wewe pita juu ya ubavu tu," Kyalo akasema kwa sauti ya chini.

Akapita juu ya ubavu wa sita. Ngozi, mafuta, misuli tabaka kwa tabaka, akiipanua kwa koleo butu, mpaka ule utando wa mwisho ukaachia na hewa ikatoka kwa mvumo. Aliingiza kidole, akakizungusha, akahakikisha pafu halijashikamana na ukuta. Kisha mrija. Kwenye chupa ya maji iliyopokea mwisho wa mrija viputo vikaanza kupanda, damu ikafuata, na Kyalo alipopumua maji ndani ya mrija yalipanda na kushuka naye. Mutheu aliyatazama maji yale kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nesi aliyesimama naye alidhani anakagua kitu.

Kyalo alipona, akarudi kwenye kahawa yake.

Na sasa, siku ya darasa, alifika chuoni mapema, amevaa koti zuri. Alipovua shati wanafunzi walisogea karibu. Miaka na ugali vilikuwa vimefanya kazi yao. Hakukuwa na ubavu hata mmoja wa kuhesabika kwa macho.

"Kuweni na subira, syana," akawaambia, kama baba anayewaita watoto wake. "Ziko. Mnatafuta chini ya mafuta."

Mutheu alimwita msichana aliyekuwa na woga kuliko wote, Mbithe. Mbithe alienda moja kwa moja kwapani, akabaki hapo akibahatisha. Mutheu hakumsahihisha; alimwuliza tu kama anajua yuko nafasi ya ngapi. Msichana akafikiri, akaupeleka mkono katikati ya kifua, akapapasa mpaka akakipata kinundu. Akaanza kushuka, midomo ikicheza. Alipofika, chini ya kidole chake palikuwa na kovu dogo jeupe.

"Madam," akasema, "kuna mtu alishapita hapa."

"Alipita vizuri?" Mutheu akauliza.

Mbithe alikagua: mbele, nyuma, usawa wa chuchu. Akasema ndiyo. Kyalo akatazama dirishani, na Mutheu akaagiza anayefuata aje.

Baada ya darasa walikunywa chai kwenye ofisi yake. Walimtaja Katunge, ambaye sasa anaishi Kithimani na magoti yanamsumbua, wakabishana kama kile chumba nyuma ya soko kilikuwa na dirisha. Mutheu alisema lilikuwepo. Kyalo alisema hapana, kilikuwa na tundu tu, na moshi wa jikoni ulikuwa unakaa ndani hadi asubuhi. Hawakuafikiana. Kyalo alimega mkate kipande kingine, akaanza kumweleza jinsi mvua ilivyochelewa kule Kangundo mwaka huu.