Wati Zilizokataa Kujumlishwa

Mke wangu hunitania kwamba hata chumvi siiamini kuwa ni chumvi mpaka niionje mara mbili. Sikatai. Miaka niliyofundisha umeme chuoni kwetu, hapa Changamwe, imenizoesha kumtazama mtu vidole kabla ya kumtazama uso. Mwanafunzi akiniamkia kwa heshima iliyozidi, moyoni najiuliza ameharibu kifaa gani.

Kilichokuwa kikinichemsha damu zaidi ni kupika namba. Jaribio la maabara lina kazi yake: unaunganisha nyaya, unawasha, unasoma mita, unaandika. Mvivu huyaruka yote hayo. Hushika kalkuleta, akapiga hesabu ya kile ambacho mita ingesema, kisha akakiandika kana kwamba amekisoma. Mkuu wa idara yetu, mtu wa bara, fundi wa injini za magari aliyepanda cheo, alikuwa ametangaza kwamba yeyote atakayeandika namba ambayo hakuisoma kwenye mita atapata sifuri ya vitendo, na mwenye sifuri ya vitendo hafanyi mtihani. Mimi nilikuwa wa kwanza kupiga makofi. Tena sikutosheka. Nikatega mtego.

Mtego wenyewe ulikuwa ndani ya somo. Kuna kanuni tunayoiita supaposisheni. Tuseme rezista moja, kile kipande kinachoupinga umeme, inalishwa na vyanzo viwili, cha volti tisa na cha volti sita, kila kimoja kikipitia rezista yake, vyote vikisukuma upande mmoja. Badala ya kujiumiza kichwa na vyote kwa pamoja, unakitoa kimoja, unaweka waya mtupu mahali pake, unapima kile kinacholetwa na kilichobaki. Kisha unabadilisha. Mwisho unajumlisha. Rezista zangu zote zilikuwa za ukinzani mmoja, omu kumi, kwa hiyo kwa hesabu, chanzo cha kwanza kinaipa rezista ya katikati volti tatu na ampea 0.3, na cha pili kinaipa volti mbili na ampea 0.2. Vikiwa pamoja ni volti tano na nusu ampea. Mpaka hapo kanuni haina doa.

Kwenye wati ndiko kanuni inakoishia. Wati ni volti mara ampea. Chanzo cha kwanza peke yake kinaleta 0.9, cha pili 0.4, na ukijumlisha unapata 1.3. Lakini viwashe vyote viwili: sasa ni volti tano mara nusu ampea, yaani wati 2.5. Zilizozidi zimetokana na kule kuwa pamoja, kwa sababu volti za chanzo hiki zinazisukuma pia ampea za kile, na volti za kile zinazisukuma ampea za hiki. Tatu mara 0.2, na mbili mara 0.3. Kazi hiyo huioni kamwe ukivipima kimoja kimoja.

Hayo sikuwaambia wanafunzi. Ubaoni niliandika kwa herufi kubwa: PIMENI KILA CHANZO PEKE YAKE, KISHA JUMLISHENI. Chini yake nikachora jedwali, na safu ya mwisho nikaiweka ya wati: cha kwanza, cha pili, vyote viwili. Nikanyamaza. Hesabu yangu ilikuwa rahisi. Aliyewasha kweli angekutana na namba isiyojumlishika na kuja kuniuliza. Aliyepika angejumlisha, nami ningemkamata.

Hakuna aliyekuja kuniuliza. Nilipokaa kusahihisha katika chumba cha walimu, karibu kila karatasi ilikuwa na 3.00, 2.00, 5.00, safi kama kanzu ya Ijumaa, na mwisho wati 1.3. Rezista za kwetu, zilizokwisha kuunguzwa na madarasa kadhaa, haziwezi kutoa namba safi hivyo hata uziombee dua. Nilikasirika, na kusema kweli nilifurahi pia, maana nilikuwa nimewapata.

Kisha nikafika kwenye karatasi ya yule dada wa Kisauni.

Alikuwa mtu mzima kuliko wenzake, mama wa watoto, mfuaji wa mashuka katika hoteli moja kule Shanzu. Fundi mkuu wa hoteli alikuwa amemwahidi kwamba akipita mtihani wa mwaka ule, atamtoa kwenye mashine za kufulia na kumwingiza karakana ya umeme. Asipopita, nafasi ingekwenda kwa mwingine aliyekuwa akiisubiri. Chuo kizima kilijua, kwa sababu alikuwa akiisema habari hiyo jinsi wengine wanavyosema habari ya harusi.

Namba zake zilikuwa chafu, namba za kweli. Volti 2.9, kisha 1.9, kisha 4.8. Ampea 0.29, 0.19, 0.48. Wati za chanzo cha kwanza 0.84, za cha pili 0.36. Na mwisho, vyote viwili: 1.2.

Niliiweka ile karatasi mezani nikaitazama. Volti 4.8 mara ampea 0.48 ni wati 2.3, mtoto wa shule anaweza kuipiga hesabu hiyo. Kama alikuwa na volti na ampea mkononi, 1.2 ilitoka wapi? Kichwa changu kikaenda kule kilikozoea kwenda. Nikasema, huyu ndiye mwizi hodari kuliko wote. Wenzake wamepika bila chumvi, yeye ameongeza viungo. Amejua kwamba mwalimu anazishuku namba safi, akazichafua kidogo kidogo, akasahau kuichafua ya mwisho. Nikakumbuka pia kwamba mwenzake wa mezani hakuwapo siku ile. Alifanya peke yake, bila shahidi. Hilo nalo nikaliona ni ushahidi dhidi yake.

Waliobaki hawakunisumbua. Nilipowabana, walikiri kwamba mmoja wao alizirusha namba katika kundi la darasa kwenye simu na wengine wakanakili. Mkuu wa idara aliwapa sifuri, wakaanza kuzunguka ofisini na wazazi wao wakiomba msamaha. Ila yule dada alikana. Mkuu akanitazama mimi. "Huyo ni wako, mwalimu. Niambie kama amepika ama hajapika, nifunge hii maneno."

Nilimwita maabara asubuhi, kabla ya darasa. Alikuja na sare ya hoteli chini ya buibui la kazi, maana zamu yake ilikuwa inamsubiri.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Unganisha."

"Yote?"

"Yote. Kama siku ile."

Nilisimama nyuma yake, mikono kifuani, nikimngojea akosee. Aliyepika hukwama kwenye kutoa chanzo. Atakizima tu na kukiacha palepale, au atakiondoa na kuacha pengo, asijue kwamba pale panatakiwa waya ili njia isikatike. Yeye alikitoa cha volti sita, akachukua waya mwekundu, akaziba pengo, akauvuta kidogo kuhakikisha umeshika. Hakuwa akijifunza pale. Mikono yake ilikuwa imekwisha kupita njia hiyo.

"Volti mbili nukta tisa," alisoma. "Ampea sifuri nukta mbili tisa."

Akabadilisha. Moja nukta tisa. Sifuri nukta moja tisa. Zilezile za karatasini. Bado kuna ile ya mwisho, nilijiambia.

Akarudisha vyanzo vyote viwili na kuwasha. Volti 4.8, ampea 0.48.

"Sasa wati," nikasema.

Akabonyeza kalkuleta polepole. Ikatoka 2.3. Mimi nilikuwa nimekodoa macho usoni mwake, nikisubiri mshangao. Hakushangaa hata chembe. Aliitazama ile namba jinsi mtu anavyomtazama jirani aliyegombana naye, kisha akaiweka kalkuleta mezani na kukifunika kioo chake kwa kiganja.

"Namba hii uliiona siku ile," nilisema.

"Ndiyo, mwalimu. Niliiona."

"Kwa nini ukaandika moja nukta mbili?"

Nje malori ya makontena yalikuwa yakipandisha kutoka Kipevu, na vioo vya dirisha vilikuwa vikitetemeka.

"Niliirudia," akasema hatimaye. "Nikabadilisha nyaya. Nikasema labda mita imekufa, nikaazima ya meza ya pili, nayo ikasema vilevile. Nikajua basi kosa ni langu, sijui nimekosea wapi. Zile nyingine zote zilijumlishika, mwalimu. Volti zilijumlishika, ampea zilijumlishika. Hii moja tu ndiyo ilikataa."

"Ungekuja kuniuliza. Nilikuwa nimekaa pale pale."

"Nikuulize wewe?" Alicheka kidogo, bila furaha. "Wallahi mwalimu, mtu akija mezani kwako na swali, kwanza unataka kujua ameiba nini. Niliogopa. Na ubaoni ulikuwa umeandika tujumlishe. Nikasema mwalimu ndiye anayejua, mita ni chombo tu. Nilikuamini wewe kuliko mita."

Nilivuta kigoda nikakaa karibu naye, nikamwonyesha kwenye karatasi jinsi volti za chanzo kimoja zinavyofanya kazi na ampea za kingine, na kwamba ndiyo maana wati hazipimwi kimoja kimoja. Unajumlisha volti na ampea kwanza, kisha ndipo unazidisha. Alifuatilia kwa kidole. Alipofika kwenye zile wati zilizozidi, akanyanyua uso.

"Kumbe mita ilikuwa sawa."

"Ilikuwa sawa."

"Nami pia nilikuwa sawa."

"Nawe pia."

Hakunilaumu, na ningependelea anilaumu. Aliangalia saa, akafungua nyaya moja moja na kuzirudisha kwenye kulabu kama tunavyotakiwa kufanya, ingawa hakuna anayefanya hivyo, akanishukuru kwa kumfundisha, akaenda kuwahi zamu. Nilibaki na ile 2.3 iliyokuwa bado inawaka kwenye kalkuleta. Niliona aibu, aibu ya kweli, ile inayopasha masikio moto. Katika darasa zima la watu niliowatilia shaka, mmoja tu ndiye aliyeniamini mimi, na mtego ukamnasa yeye kwa sababu ya kuniamini.

Na kwa sheria yetu alikuwa na hatia. Ameandika namba ambayo hakuisoma kwenye mita. Mkuu wa idara hakuwa mtu wa kusikiliza habari za volti za huyu na ampea za yule.

Nilimkuta ofisini anakunywa chai. Akaweka kikombe chini na kuchukua kalamu.

"Kwa kifupi, mwalimu. Hiyo namba ya mwisho imepikwa ama haijapikwa?"

"Imepikwa," nikasema.

Akaanza kuandika.

"Niliipika mimi," nikasema. "Andika jina langu."