Mkono Uliolaumiwa

Nikiwa mwanafunzi wa udaktari Kakamega, mkata miwa wa Mayoni aliletwa wodini. Mkono wake wa kushoto ulijaa chale mbichi, alizochanjwa na mganga palipouma.

“Daktari, unaumanga akipanda kilima, hata kama hajabeba kitu. Akipumzika unaacha,” mkewe alisema.

Wanafunzi tukasema ni kazi ya panga. Mwalimu wetu akatukemea: “Kilima kinapandwa kwa mkono? Mishipa ya fahamu ya moyo na ya mkono huo huingia uti wa mgongo mahali pamoja. Ubongo umezoea habari za mkono, si za moyo, basi huulaumu mkono.”

Nikamfungua shati nimsikilize moyo. Kifuani hapakuwa na chale hata moja.