Safu ya Maelezo

Kwa miaka kadhaa nilitunza hifadhidata ya kliniki ndogo ya mtaa wa Himbi, ya wanawake wanaomeza dawa za virusi vya UKIMWI. Nilijivuna mno kwa kazi ile. Diski zote zilikuwa zimesimbwa: mwizi angebeba kompyuta akaambulia herufi zisizosomeka. Majina yalikaa kwenye jedwali la peke yake, na ufunguo wake tulikuwa nao watu wawili tu, mimi na muuguzi mkuu. Mgeni akija nilimtembeza humo kama mtu aliyehamia nyumba mpya.

Kila mwezi washirika wetu, shirika lililotuletea dawa, walitaka kujua ni wanawake wangapi wamekosa siku yao ya dawa. Walitaka hesabu tu. Mimi niliwapelekea jedwali zima, maana niliona aibu kutuma karatasi yenye namba moja. Programu niliyoiandika mwenyewe iliondoa jina na kuweka namba ya siri, ikafuta simu, ikageuza umri kuwa “kati ya thelathini na thelathini na tisa”. Safu ya mwisho, ya maelezo, niliiacha kama ilivyo. Humo wauguzi waliandika lolote la kuwakumbusha mgonjwa. Sikuona ubaya wake, kwa sababu haikuwa na jina hata moja.

Siku moja umeme ulikatika kwa washirika, na mtumishi wao akaenda kuchapisha jedwali lile kwenye duka la fotokopi huko Majengo.

Baada ya wiki moja mama mmoja aliingia ofisini kwangu. Hakukaa nilipomwonyesha kiti.

“Papa, mulisema jina yangu munaifunga na kifunguo.”

“Ni kweli, mama. Imefungwa. Hakuna mutu ameiona.”

“Jina yangu nani anaijuaka? Hata mama-mukwe haijue. Mie bananiitaka Mama Mapasa.”

Mapasa kwetu ni mapacha. Nilifungua jedwali mbele yake. Namba ya siri, sawa. Umri, sawa. Kisha safu ya mwisho: mama wa mapacha, nyuma ya msikiti, mume dereva wa njia ya Sake. Mwenye duka la fotokopi alikuwa jirani yake. Alisoma mstari mmoja tu, akajua.

Nimezaliwa mji huu. Mama yangu mzazi nililijua jina lake la kwenye karatasi siku nilipokwenda kumwandikisha hospitali, tayari nikiwa na ndevu. Kumbe mimi, mtoto wa hapa hapa, nilikuwa nimeficha kitu ambacho hakuna anayekitumia, na nikatangaza kile ambacho mtaa mzima unamwitia mtu. Niliona haya hadi masikio yakawaka moto.

“Kwa bakwe balishatenga sahani yangu,” alisema. “Na kikombe. Bwana yangu anarudia siku ya posho. Bataanza kumuambia mbele mie niwahi kumuambia. Futa, papa.”

Nilimweleza lililowezekana. Kumbukumbu ya dawa zake ilipaswa kubaki, bila hiyo muuguzi asingejua ampe nini. Lakini safu ya maelezo niliifuta palepale, yake na ya wenzake wote. Nikafungua pia folda ya majedwali ya zamani. Kanuni yetu ilisema yafutwe baada ya miezi mitatu. Mimi nilikuwa nayo ya miaka miwili, kwa uvivu niliouita uangalifu. Niliyafuta yote, nikamwambia nakala za akiba zingefutika zenyewe baada ya siku thelathini. Niliwapigia washirika wafute ya kwao, na mwenye duka naye aondoe faili kwenye kompyuta yake.

“Na kwa kichwa yake?” aliuliza mama yule.

Nilifunga kompyuta.

Mume alirudi Jumamosi, ndiyo siku ya posho, tayari ameshaambiwa. Jumatatu yule mama aliondoka kwenye nyumba ile na watoto wake. Sikumlilia mbele ya wenzangu, nililia chooni.

Bado anakuja kuchukua dawa. Anataja namba yake dirishani, anapewa, anakwenda. Washirika siku hizi wanapata hesabu, namba moja kwenye karatasi. Mimi nasalimiana naye kwa kichwa tu.

Nilipomwomba ruhusa ya kuandika haya, alikubali kwa sharti moja, na safari hii nimelitimiza. Watoto wake si mapacha. Mume si dereva, na nyumba haikuwa nyuma ya msikiti. Yale ya kweli nimeyatoa kabla hujayasoma. Ukidhani unamjua, si yeye.